Jina la Ushirika na Daftari la Babu

Jioni moja ya mwezi wa Shaabani, hapa Maskati, tulikuwa tumekaa kwa mama tukinywa kahawa ulipofika ujumbe kutoka Pemba. Aliyeuandika ni mtoto wa ami yangu, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na moja, mwalimu mstaafu aishiye nje kidogo ya mji wa Wete. Nimekuwa nikimwita Dada tangu utotoni, kwa barua na kwa simu, ingawa nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu nilipouona uso wake kwa mara ya kwanza. Mama aliniomba niusome kwa sauti, maana macho yake hayaelewani tena na maandishi ya simu. Nauweka hapa kama ulivyokuja.

“Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ami zangu, shangazi zangu, kaka na dada zangu mlio Maskati, Dubai, London na Toronto, natumai nyote mu wazima. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu.

“Wengi wenu mnajua kwamba mimi na majirani tumekuwa tukifanya kazi za shamba kwa pamoja kwa misimu mitatu. Sasa tumekubaliana tuwe ushirika wenye kusajiliwa. Tuko watu thelathini na mmoja, kumi na tisa wanawake. Kila mmoja anakuja na kipande anachokilima mwenyewe, na mnaojua habari za eka tatu mtafahamu vipande hivyo ni vipi. Tuna mikarafuu, midalasini, pilipili manga, migomba na muhogo, na inshallah tutajaribu vanila.

“Tunahitaji jina. Bila ya jina hatuwezi kumaliza kuandika masharti, wala kufungua hesabu benki, wala kuchonga muhuri. Na jina likishaingia katika hivyo vyote, kulibadilisha ni gharama na usumbufu, kwa hiyo tunataka kulipata sawasawa mara moja. Wenzangu wameniruhusu niwaulize na nyinyi, nami nimewaahidi kwamba nitapeleka majina yaliyofuata vigezo hivi tu:

1. Liwe la Kiswahili, neno moja au mawili, ambalo mtu asiyekwenda skuli atalitamka bila ya kujikwaa.
2. Lisiwe jina la mtu, aliye hai au marehemu, wala la ukoo, wala la kabila.
3. Lisitaje zao moja.
4. Lisielemee chama cha siasa, wala lisimfanye mtu yeyote ajione hakukaribishwa kwa ajili ya dini au asili yake.
5. Lisifanane na la ushirika mwingine. Leteni matatu kwa mpangilio, maana Mrajis anaweza kulikataa la kwanza.
6. Herufi zisizidi kumi na mbili. Tutazitoboa katika bati ili tupige chapa kwenye magunia.
7. Kila jina lije na maelezo mawili: ni nani atakayelifurahia, na ni nani linayeweza kumuumiza. Jina lisilo na maelezo haya sitalipeleka.

“Neno ‘ushirika’ msilitie, litawekwa mbele yake. Majina yatasomwa mbele ya wanachama baada ya Idi, nao ndio watakaopiga kura, kila mtu kura moja. Nyinyi hamtapiga kura, na naomba jambo hilo lisiwe zito kwenu. Fedha sikuziomba. Nimeomba jina. Wasalaam, dada yenu.”

Nilipomaliza kusoma, mama alinyamaza kidogo. Kisha akalitaja jina la babu.

Hakuna aliyeshangaa. Kila mmoja pale sebuleni alikuwa amelifikiria jina hilo hilo tangu kigezo cha kwanza, na cha pili tulikisikia kama watu wanaosikia kelele za mtaa wa pili. Picha ya babu imetundikwa juu ya mlango wa mama. Amevaa kanzu na kilemba, mkono mmoja juu ya bega la baba yangu aliyekuwa bado mtoto, na nyuma yao ni mikarafuu. Tumekua tukiambiwa kwamba miti ile aliipanda baba yake kwa mikono yake, na kwamba babu aliondoka Pemba mwaka 1964 akiwa na sanduku moja, akaishi Dubai kwa tabu, kisha akaja Maskati baada ya 1970 na kufia hapa. Ami yangu, baba yake Dada, hakuondoka. Alikuwa ameoa Wete, na mkewe alikuwa mjamzito.

Usiku ule ule nikamwandikia Dada kwamba sisi wa Maskati tumekubaliana kwa kauli moja juu ya jina la babu, na kwamba kigezo cha pili bila ya shaka kilikuwa kwa ajili ya watu wengine. Jamaa yetu mmoja wa Dubai alikwenda mbele zaidi. Alisema kwamba likichaguliwa jina la mzee, yeye atalipia kitalu kizima cha miche, na pampu ya maji juu yake.

Asubuhi Dada akapiga simu. Hakukasirika. Alizungumza nami kama alivyokuwa akizungumza na wanafunzi wake, naamini, polepole na bila ya kuruka hatua.

“Mdogo wangu,” alisema, “sema maneno haya: mimi ni mwanachama wa ushirika wa fulani bin fulani. Haya, yaseme.”

Nikayasema, na jina la babu ndani yake. Yalinikaa vizuri mdomoni.

“Sasa yaseme ukiwa ni mtu ambaye baba yake alipewa eka tatu katika shamba la fulani bin fulani.”

Nikawa sina la kusema.

Hapa inafaa niwaeleze wasomaji waliozaliwa mbali na habari hizi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, mashamba makubwa Unguja na Pemba yalitwaliwa na Serikali, na familia nyingi zisizokuwa na ardhi zikagawiwa eka tatu tatu. Aliyepewa alipewa haki ya kulima na kuvuna, na ardhi yenyewe ikabaki mali ya umma. Shamba la babu lilikuwa miongoni mwa yaliyogawiwa. Waliopewa walikuwa majirani, na wengine walikuwa watoto wa wachumaji waliokuja misimu ya karafuu kutoka Makunduchi na kutoka bara, wakabaki. Katika wanachama thelathini na mmoja wa Dada, kumi na wanne wanalima vipande vilivyokuwa ndani ya mipaka ya shamba lile.

Watu hawa wamezilima eka zao kwa miaka sitini. Mikarafuu iliyokufa wameipanda upya. Na bado, Dada aliniambia, kila mtu wa asili yetu anapofika kutoka Oman kutembea, akasimama njiani akauliza wapi ulikuwa mpaka wa babu yake, habari hufika kijiji kizima kabla ya magharibi. Mgeni hutaka kupiga picha tu, arudi akamwonyeshe mama yake. Lakini mwenye eka tatu halali vizuri usiku huo.

“Ubao wenye jina la mzee,” alisema Dada, “ukisimama pale kichochoroni, wewe utasoma kumbukumbu. Wao watasoma hati ya umiliki.”

Juu ya kitalu na pampu alikuwa na jibu fupi. Ushirika ukipokea mali yenye sharti juu ya jina lake, basi aliyetoa mali amepiga kura, tena kura nzito kuliko za wanachama wote. Aliwahi kufundisha kanuni saba za ushirika zilizokubaliwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika huko Manchester mwaka 1995, na alinikumbusha mbili: wanachama ndio wenye kutawala, na msaada kutoka nje hupokewa kwa namna isiyowaondolea utawala huo. Jamaa yetu wa Dubai alinuna kwa wiki moja, kisha akatuma jina jingine.

Jina hilo lilikuwa “Tumerudi”.

Kwa vigezo sita vya mwanzo halina kosa la kuonekana. Ni Kiswahili safi, neno moja, herufi nane, halimtaji mtu wala zao. Na lina sifa ambayo Dada mwenyewe aliipenda, nayo ni kwamba linaanza na “tu”. Anayeijua Zanzibar anajua kwamba vikundi vya ushirika vya kule, hasa vya wanawake, hupenda majina yaliyo sentensi kamili, mithili ya Tusife Moyo, Tupendane au Haturudi Nyuma. Majina ya namna hiyo yana faida ambayo jina la mtu halina. Kila anayelitamka anakuwa ndani yake. Mwanachama wa thelathini na moja akisema “Tusife Moyo”, ile “tu” ni yake sawasawa na ya mwanachama wa kwanza.

Lakini “tu” haiwi ya kila mtu kwa sababu tu imeandikwa. Ni lazima kitendo kinachoifuata kiwe ni kitendo ambacho wote wamekifanya au wote wanaweza kukifanya. Nani alirudi? Mwenye eka tatu hakurudi, kwa kuwa hakuondoka. Dada hakurudi, maana baba yake alibaki. Neno lile lingekuwa la mtu mmoja tu, aliyeko Dubai, na lingesomwa kijijini kama tangazo ambalo watu wamelihofu kwa miaka sitini. Ndugu yetu alipofika kigezo cha saba aliandika kwamba hakuna linayeweza kumuumiza. Dada akamrudishia akimwomba afikiri tena, naye baada ya siku mbili akaliondoa mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kukiheshimu kigezo cha saba.

Shangazi yangu wa London alileta “Karafuu Njema”. Kosa lake lilikuwa jepesi zaidi, nami nalieleza kwa kuwa wengi wetu tulio nje tunadhani Pemba na karafuu ni kitu kimoja. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Hutoa mavuno makubwa mwaka mmoja, kisha ukapumzika, na mkulima anayetegemea karafuu peke yake hula vizuri msimu mmoja na kukopa misimu inayofuata. Ndiyo maana Dada na wenzake walianza pilipili manga na mdalasini. Zaidi ya hayo, karafuu kavu ya Zanzibar huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Mwanachama hupeleka gunia lake kituoni, linapimwa, analipwa. Kazi ya ushirika wenyewe katika soko itakuwa juu ya yale mazao mengine, na pakiti ya mdalasini yenye neno karafuu juu yake ingemchanganya mnunuzi na kumfanya askari bandarini aifungue. Shangazi alicheka, akasema amekubali, lakini harufu ya karafuu lazima iwemo mahali fulani.

Mdogo wangu wa Toronto alileta “Urithi Wetu”, na nilidhani hilo litapita. Dada alilikataa kwa hoja ambayo sikuitarajia. Urithi, katika masikio ya Waislamu wa Pemba, ni mirathi, nayo mirathi ina mafungu yake: mtoto wa kiume mawili, wa kike moja, mke thumni. Katika ushirika mwanamke na mwanamume wana kura sawa, na aliyeleta eka tatu na aliyeleta nusu eka wana kura sawa. Uanachama haurithiwi pia. Mtoto wa mwanachama akitaka kuingia huomba mwenyewe na kukubaliwa. Kuuita ushirika Urithi ni kuuingiza mlangoni ugomvi ambao familia nyingi tayari wanao nyumbani.

Kufikia hapo tulikuwa tumeingia Ramadhani, na baada ya futari kila usiku ilikuwa ni majina. Mama, ambaye mwanzoni alisema hatatoa jina jingine, akatoa “Shina Moja”. Nikalipenda mara moja, kwa kuwa migomba na watu wote wanaelewana na neno shina. Dada akanikumbusha kwamba Tanzania nzima shina ni ngazi ya chini kabisa ya chama cha siasa, na lina balozi wake. Kigezo cha nne. Mimi nikaleta “Jamvi Moja”. Karafuu huanikwa juu ya jamvi, na pilipili manga vilevile, na watu huketi juu ya jamvi kula na kushauriana, wote usawa mmoja. Herufi tisa. Nilijiona nimefika. Upande wa pili wa simu nikasikia Dada anacheka mpaka anakohoa.

“Umekaa Maskati muda mrefu, mdogo wangu. Jamvi la wageni hulijui?”

Nililijua, ila lilikuwa limelala. Huo ni msemo wa kumsema mwanamke kwamba kila apitaye hukaa. Ushirika wenye wanawake kumi na tisa, ukaitwa Jamvi, ungeimbiwa tangu siku ya kwanza. Hili ndilo linalotushinda sisi tulio mbali. Maneno tunayo, lakini mafumbo yaliyojengwa juu ya maneno hayo yanahitaji mtu awepo. Kule ambako kanga hununuliwa kwa maandishi yake na kuvaliwa ili jirani asome, hakuna jina lisilotafutiwa fumbo.

Jina la kwanza kupita lilikuwa la binti yangu, mwenye miaka kumi na sita, ambaye Kiswahili chake tunakisikitikia kila siku. Alisema “Tuchume”. Kuchuma ni kuchuma karafuu na pilipili manga, na kuchuma ni kupata mali kwa jasho. Herufi saba, zao halikutajwa, na ile “tu” ni ya wote. Kwenye kigezo cha saba aliandika: “Litawafurahisha wanaochuma. Linaweza kumuumiza ambaye wazee wake walichuma na hawakupata.” Nikamuuliza amelipata wapi hilo la pili. Akasema amelipata katika daftari.

Daftari lenyewe tulikuwa nalo siku zote. Ni kitabu kirefu cha hesabu, chenye jalada jeusi, kilichokuja ndani ya lile sanduku moja, na mama hukihifadhi pamoja na nguo za Idi. Tulikuwa tukikifungua kuonyesha hati ya babu, jinsi alivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono ulionyooka kama mstari wa sala. Hatukuwahi kukisoma. Binti yangu anasoma Kiarabu vizuri kuliko Kiswahili, na akiwa amechoshwa na saumu alikaa nacho siku nzima akitamka herufi moja moja mpaka maneno yakajitokeza.

Ni daftari la msimu. Kila ukurasa ni siku moja. Kulia ni jina la mchumaji, katikati ni idadi ya pishi, kushoto ni alama ndogo ya wino mwekundu. Pishi ndiyo iliyokuwa kipimo cha mchumaji. Alipanda mtini, akashusha vichala, akakaa chini kuvichambua makonyo, kisha karafuu mbichi zikapimwa kwa pishi na akahesabiwa. Karafuu zile zilikuwa bado za kuanikwa, nazo zikikauka hupoteza karibu theluthi mbili za uzito wake, kwa hiyo kilo tatu za mtini huwa kilo moja ya gunia. Mchumaji alilipwa kwa ile mbichi, siku ya malipo ilipofika, na alipolipwa ikatiwa alama nyekundu.

Alama nyekundu zinakwenda ukurasa baada ya ukurasa bila ya kukosa. Babu alikuwa mtu wa hesabu. Kisha, katika kurasa nne za mwisho, hazipo. Majina tisa. Pishi sita, pishi nne na nusu, pishi saba. Mwanamke mmoja, pishi tano kila siku kwa siku nne, ametajwa kwa jina lake na jina la kijiji chake. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe.

Sidhani kwamba babu alikusudia kudhulumu. Tarehe zinaonyesha kwamba ni siku zile za Januari, na siku ya malipo haikufika kabla ya yeye kukimbia. Lakini wale watu tisa walipanda mitini, na karafuu zao zilipimwa na kuandikwa, na hawakulipwa. Nimekua chini ya picha yake nikisikia alichonyang'anywa. Hata siku moja sikusikia anachodaiwa.

Nilipiga picha zile kurasa nne nikampelekea Dada, nikamwandikia majina kwa herufi za Kirumi. Alikawia kujibu. Usiku akapiga.

“Wale wawili wa mwanzo siwajui,” alisema. “Yule mwanamke wa pishi tano ni bibi yake mweka hazina wetu.”

“Wanajua?”

“Wanajua tangu zamani, mdogo wangu. Nani asahau kazi asiyolipwa? Mimi nilikisikia kisa hiki nikiwa mtoto, nikadhani ni maneno ya watu. Ndiyo maana nikaandika kigezo cha pili kabla ya vyote.”

Tulikaa kimya, kila mmoja na simu yake. Kisha akaniuliza kama nakumbuka wazee walivyokuwa wakisimulia juu ya pishi. Nilikumbuka. Palikuwa na matajiri waliopima kwa pishi iliyosawazishwa kwa ubao, na palikuwa na wengine waliomtaka mchumaji ajaze mpaka ifanye kichuguu, huku wakimhesabia moja. Mchumaji mzoefu aliuliza kwanza habari za pishi kabla ya kuuliza habari za ujira.

Hapo ndipo lilipokuja jina la pili tulilolipeleka: “Pishi Sawa”. Herufi tisa. Leo wanapima kwa mizani na kilo, na pishi imebaki kwa wazee, lakini hakuna Pemba asiyejua maana yake. Halitaji zao, kwa kuwa pishi hupima mchele na kunde pia. Halimtaji mtu. Nililiandikia kigezo cha saba mwenyewe: “Litamfurahisha kila aliyewahi kupimiwa vibaya. Linaweza kuwaumiza wajukuu wa aliyekuwa akipima, nao ndio wanaolileta.”

La tatu aliliandika mama. Alikaa nalo siku nyingi. Alileta “Tushibe”, akasema yeye hana mafumbo, amechoka, na watu wakilima wanataka kushiba.

Ndugu zangu mnaosoma, majina hayo matatu yamekwenda Pemba jana, kwa mpangilio huu: Tuchume, Pishi Sawa, Tushibe. Jina la babu halimo. Yatasomwa wiki ya pili baada ya Idi, pamoja na mengine ambayo wanachama wameyatunga wenyewe, na huenda yao yakashinda, kwa kuwa wao ndio watakaoyabeba mgongoni pamoja na magunia. Sisi hatutakuwepo. Nikiri kwamba jambo hilo lilikuwa zito kwangu mwanzoni, hata alipoomba lisiwe.

Kuhusu zile kurasa nne, tumekaa wote wa Maskati, na wa Dubai akaja. Katika sheria yetu deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa, na sisi tuligawana vitu vichache vya babu bila ya kufungua daftari lake. Jamaa yetu aliyetaka kununua jina kwa kitalu na pampu ndiye wa kwanza kusema kwamba fedha ile ile aliyoiweka sasa ina kazi nyingine. Dada anawatafuta wajukuu wa wale tisa, kwa utaratibu na bila ya tangazo. Amewapata wanne. Mweka hazina alipoulizwa, alisema fedha atazungumza na ndugu zake kwanza, lakini angependa apelekewe picha ya ukurasa wenye jina la bibi yake, iliyo safi, ya kutia fremu.

Kesho nitaipeleka ikachapishwe. Mama amesema nichapishe mbili, na ya pili aitundike chini ya picha ya babu.